Tupeane uzoefu: imeili inaingia kwa data, ukiunga waifai ya ofisi inagoma

kaka_nzuguni: Mbukwenyi wakuu. Nina kaofisi kadogo hapa Area C, tuko watu tisa, imeili zetu ni za jina letu wenyewe siyo Gmail. Wiki ya pili hii simu ikiwa kwenye data imeili zinaingia kama kawa, nikiunga tu waifai ya ofisi inazunguka weee mpaka inaandika `Connection timed out`. Waifai ya nyumbani haina shida. Jana nimezima ruta nikaiwasha ikakubali kama masaa mawili, ikagoma tena. Akaunti nishaifuta na kuiweka upya mara tatu, bure. Aliyekutana na hii alete.

mama_zabibu: Mi yangu kwenye data ndo haziingii kabisa mpaka niunge waifai ya dukani, tatizo nini jamani

fundi_kikuyu: Mama yako ni tofauti, angalia Kiokoa Data kwenye setingi, kikiwa kimewashwa epu ya imeili haivuti kitu mpaka uifungue. Ya huyu mwenzetu, akaunti na simu ni nzima maana kwa data inafanya kazi, aache kufuta. Kasheshe iko njiani kati ya waifai ile na seva.

dere_wa_manyoni: Ni DNS hiyo!! Lodge moja nilikolala ilikuwa hivyohivyo, nikaweka 8.8.8.8 ikapona palepale. Weka hiyo utanishukuru

fundi_kikuyu: Ya lodge inawezekana kabisa, ila DNS ikigoma simu huwa inalalamika haijaiona seva. Huyu kaandikiwa timed out, yaani kagonga hodi mlango akaujua ila hakuna anayeitika. Nzuguni hebu tuambie, ukiwa kwenye waifai hiyohiyo imeili ile ukiifungulia kwenye brauza inafunguka? Na tovuti yenu je?

mwl_makulu: Nidakie hapo. Kwetu chuoni kwenye brauza ilifunguka, epu ndo ikagoma. Kijana mmoja akafungua PowerShell kwenye laptopu akaandika hivi:

```
Test-NetConnection mail.mfano.co.tz -Port 993
```

Kwenye waifai ya chuo ikaleta `TcpTestSucceeded : False`, akahamia hotispoti ya simu yake ikaleta `True`. Kumbe faiwoli ya chuo ilifunga 993 ya kupokelea na 587 ya kutumia, brauza yenyewe inapita 443 ndo maana haikuguswa. Watu wa mtandao wakazifungua, yakaisha.

kaka_nzuguni: Nimejaribu sasa hivi. Brauza haifungui imeili, na tovuti yetu wenyewe nayo haifunguki! Gmail, Yutyubu, kila kitu kingine kinaenda.

fundi_kikuyu: Basi ya kwako siyo ya mwalimu, ruta yako haina kosa. Seva yenu ndo imewapiga marufuku. Nyie wote tisa mkitoka nje mnaonekana kwa namba moja ya IP. Akitokea kifaa kimoja kina paswedi ya zamani kinajaribu kila baada ya dakika 15 usiku na mchana, seva inahesabu makosa, ikichoka inaifungia namba nzima, asiye na hatia anaumia naye. Na ile ya kuzima ruta siyo dawa, mlipewa namba mpya tu, kile kifaa kikaendelea mpaka nayo ikafungiwa. Kuna mtu alibadilishiwa paswedi wiki mbili hizi?

kaka_nzuguni: Duh. Mhasibu wetu aliacha kazi nikabadilisha ya kwake. Ila simu yake kaondoka nayo?

fundi_kikuyu: Tafuteni alikowahi kujiunga, kompyuta yoyote ya hapo, tableti, hata printa inayotuma skani kwa imeili. Kwanza mkifute hicho ndo muombe seva iwafungulie, mkianza na kufunguliwa kesho mtarudi palepale. Mkiwa kwenye waifai hiyo andikeni `what is my ip` kwenye Gugo, namba itakayotokea muwapelekee wanaowawekea seva, na muwaulize ni akaunti gani inakosea, wanaiona kwenye logi.

kaka_nzuguni: Mrejesho. Logi imeonyesha ni akaunti ya mhasibu kweli. Tableti ya mapokezi ilikuwa nayo, dada wa pale hata hajui maana anaitumia kuandikishia wageni. Nimeiondoa, wakatufungulia saa nane, mpaka sasa hivi usiku zinaingia.

dere_wa_manyoni: Haya fundi nimekubali, ila 8.8.8.8 bado siiachi

singida_mjini: Yangu sasa imekaa katikati, kwenye waifai ya ofisi imeili fupi zinaingia, yenye atachimenti inagandia njiani, kwa data inashuka vizuri. Namba ingefungiwa si hata hizo fupi zisingeingia?

fundi_kikuyu: Kweli, hiyo siyo marufuku. Nahisi MTU ya ruta, vipaketi vikubwa vinakwama. Ikiwa ni 1500 jaribu 1492, ikigoma shuka 1400. Sina uhakika lakini, andika ya zamani pembeni kabla hujagusa.

singida_mjini: Ruta iko kabatini kwa bosi na funguo kasafiri nazo, nasubiri Jumatatu