Evolokumabu au alirokumabu: dada amekubaliwa, mimi bado

MwanaLamu: Habarini wanajukwaa. Mimi na dada yangu tunaishi Uingereza, na sote tuna lehemu ya juu ya kurithi. Tunameza atovastatini miligramu 80 pamoja na ezetimibu kila siku, lakini LDL yangu, yaani lehemu mbaya, bado ni 4.3, na ya dada, ambaye alipata shtuko la moyo akiwa na miaka 49, ni 3.8. Yeye amekubaliwa sindano ya kushusha LDL na ameambiwa achague kati ya evolokumabu na alirokumabu, ilhali mimi mwenye kiwango kikubwa zaidi nimeambiwa bado. Sababu ni nini, naye achague ipi?

Mfamasia_Leicester: Mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya matibabu huko Uingereza, huweka mistari miwili kwa wenye ugonjwa wa kurithi kama wenu. Ambaye hajapata ugonjwa wa moyo na mishipa hufikiriwa LDL yake inapobaki juu ya 5.0, na aliyekwisha kuugua hufikiriwa inapobaki juu ya 3.5. Dada ameuvuka wake, wewe hujauvuka wako.

Sindano zote mbili ni kingamwili za kazi moja. Ini hutoa protini ya PCSK9, ambayo hushikamana na vipokezi vinavyoondoa LDL kwenye damu na kusababisha visagwe ndani ya seli. Kingamwili huinasa protini hiyo mapema, vipokezi vikarudi kazini, na LDL ikashuka kwa kiasi cha nusu au zaidi. Evolokumabu hudungwa miligramu 140 kila wiki mbili, au 420 kwa mwezi. Alirokumabu inaweza kuanzia 75 kila wiki mbili na kupandishwa hadi 150, jambo linalomfaa anayetaka kuanza taratibu. Kwa nguvu sioni tofauti ya kumkosesha dada usingizi. Achague ratiba atakayoifuata.

Juma_Bristol: Acha statini mwezi mmoja, LDL itapita 5 nawe utakubaliwa. Isitoshe, statini huongeza hiyo PCSK9.

Mfamasia_Leicester: Ni kweli huiongeza, ndugu Juma, lakini pia huongeza vipokezi, na ndiyo maana zikitumika pamoja na sindano hufanya kazi vizuri zaidi. Kiwango kinachohesabiwa ni kile kinachopimwa mgonjwa akiwa kwenye dozi ya juu anayoweza kuistahimili. Tafadhali asiache dawa.

MamaZuhra: Mbona mimi muuguzi hunidunga mara mbili tu kwa mwaka?

Mfamasia_Leicester: Hiyo yaelekea ni inklisirani, mama. Hiyo si kingamwili. Hulizuia ini lisiitengeneze protini yenyewe, na ina masharti yake.

MwanaLamu: Shukrani. Dada alidunga ya kwanza ikiwa imetoka tu kwenye friji, ikamchoma sana. Ya pili aliiacha mezani nusu saa, hakusikia kitu. Swali langu la mwisho: picha ya KT imeonyesha chokaa kwenye mshipa wa moyo wangu, ingawa sijawahi kuumwa kifua. Je, nahesabiwa mstari upi?

Mfamasia_Leicester: Hapo madaktari hutofautiana. Wengine huhesabu chokaa kuwa ugonjwa tayari, wengine husubiri tukio. Peleka picha hiyo kliniki, uombe jibu kwa maandishi.