Kusuka barazani au kuwafuata wateja: kipi kinaleta wa kudumu?

MsusiWaMbagala: Habari zenu wapendwa. Nasukia nyumbani, ila wengi wanataka niwafuate. Juzi nilienda Tegeta kusuka rasta ndogo kwa 30,000. Nauli 8,000, nywele nikazikuta hazijaoshwa, nikamaliza usiku. Huku nyuma watatu wa yeboyebo, 7,000 kila mmoja, wakanikosa. Niache kufuata watu?

Kinyozi_Ubungo: Usiache! Nanyoa baba na wanawe wanne kwao, kila baada ya wiki mbili, na hawajawahi kwenda kwa mwingine. Mashine naifuta kwa jiki, tunaendelea.

BiMkubwaTandika: Kinyozi, kwako inalipa kwa sababu vichwa vitano viko nyumba moja na kila kimoja ni dakika chache. Rasta inakula siku nzima. Mwenzetu Tegeta alibakiwa na 22,000, na wale watatu wangempa 21,000 akawa amemaliza alasiri, bado ana nafasi ya kichwa kingine.

Mwanangu, nenda mbali kama kuna vichwa viwili nyumba hiyo au jirani, na nauli itajwe mbali na ufundi. Siku moja kabla, mwambie aoshe nywele, azikaushe na kuzichana, na pakiti za rasta awe nazo. Ukifika unagawa mistari tu.

Na hiyo jiki inatia kutu meno ya mashine. Toa nywele zote kwenye mashine kwa brashi, kisha paka spiriti ya asilimia 70, uiache ikauke yenyewe kabla ya kichwa kingine. Ukiona kiduara chenye magamba na nywele zilizokatika, huenda ni mapunye. Usinyoe, mwambie mzazi ampeleke hospitali.

DadaKigamboni: Mimi ni mteja tu. Msusi wangu alikuwa anakuja hadi kwangu, bei nzuri, ila alikuwa anavuta nywele sana. Vipele vikatoka kwenye paji, nywele za pembeni zikaanza kukatika. Wananiambia nipake mafuta, yatasaidia?

BiMkubwaTandika: Pole mama. Mafuta hayafuti mvuto. Fumua, upumzishe kingo, na zisiporudi muone daktari wa ngozi, maana zikivutwa muda mrefu zinaweza zisiote tena. Msusi naye aanze pembeni kwa nywele zako pekee, rasta aiongeze kidogokidogo. Mteja akikunja uso, fungua msuko huo mmoja usuke upya. Asiyelala kwa maumivu harudi, hata umfuate mlangoni.

MsusiWaMbagala: Asante sana. Je, nimpigie lini wa Tegeta?

BiMkubwaTandika: Wiki ya sita. Mimi naandika tarehe ya kufumua kwenye daftari siku ileile ya kusuka, na kufumua nafanya mwenyewe kwa bei ndogo. Akishakaa hapo, mara nyingi anasukwa tena.

Kinyozi_Ubungo: Kwa rasta sawa. Ila kufumua kwa bei ndogo ni kujichosha, hapo sikubaliani nawe.