Naomba ushauri: nipokee bukta za michezo au nibaki na sare?

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mama wa mtoto wa miezi minane, naishi Morogoro. Cherehani yangu ni ya miguu, inashona mshono wa kunyooka tu. Nashona mtoto akilala, kwa hiyo nimejikita kwenye marekebisho ya sare za shule: kubadilisha zipu, kupunguza sketi, kushusha pindo la suruali. Kubadilisha zipu ni shilingi 2,000, na zipu yenyewe nainunua 500. Inayobaki ndiyo maziwa na mboga. Wazazi wanalipa palepale, hilo nalipenda sana.

Sasa mwalimu mmoja ameniletea bukta za michezo, kitambaa cha kuvutika. Kwa sindano ya kawaida mshono ulikuwa unaruka. Nikaweka ya ncha butu ukaacha, lakini ukivuta kiunoni uzi unakatika, maana mshono wa kunyooka hauvutiki pamoja na kitambaa.

Kuna fundi jirani mwenye ovaloki, anataka 500 kwa kila bukta. Mwalimu anatoa 1,500 ya ufundi. Mlio kwenye kazi hii, nikubali kugawana hivyo, au kuna namna ya kuzuia uzi usikatike kwa cherehani hii hii?