Naomba ushauri: jedwali la kodi limezua mgogoro darasani. Je, hii si kodi ya kupanda?

Mwl_Pwani
Salamu kwenu wanajukwaa. Nafundisha somo la Biashara kidato cha nne, pwani ya Kenya, na nimekwama katika jambo linalonikosesha usingizi. Katika mtihani wa nusu muhula niliweka jedwali la kodi inayolipwa na watu wa vipato vinne tofauti, nikawataka wanafunzi waseme kama kodi hiyo ni ya kupanda, ya uwiano au ya kushuka. Kiasi kinacholipwa kwa mwezi ni shilingi 400, 750, 1,200 na 1,700, kuanzia mwenye kipato kidogo hadi mwenye kipato kikubwa. Mwongozo wangu wa kusahihisha unasema ni kodi ya kupanda, kwa kuwa kila kipato kinapoongezeka, kodi nayo inaongezeka. Wanafunzi kadhaa wameandika kuwa ni ya kushuka na sasa wanadai alama zao. Naomba mnisaidie namna ya kuwaeleza bila kuwavunja moyo.

Bi_Rehema
Pole sana, mwalimu. Watoto wa leo wamezoea kubishana na wakubwa kwa kila jambo, na ukilegeza kamba mara moja hutaweza kuikaza tena. Waeleze kwa upole kwamba mwongozo ndio unaofuatwa, kisha uendelee na somo.

HesabuKwanza
Shikamoo Bi Rehema, lakini naomba tusimame kidogo kabla ya kuwahukumu watoto. Mwalimu, umetuandikia safu ya kodi na hukutuandikia safu ya kipato. Kazi yangu ni kuandaa mishahara, na kwa safu moja tu hakuna anayeweza kusema kodi hiyo ni ya aina gani. Hao wenye kulipa 400 na 1,700 wanapata kiasi gani?

Fundi_Seremala
Mimi si mtu wa darasani, ila suala la makato ya kila mwezi nalijua kwa mfuko wangu. Zamani sisi tusio na mwajiri tulikuwa tukilipia bima ya afya ya NHIF shilingi 500 kwa mwezi. Mwezi ambao nimeuza vitanda viwili na kupata 40,000 nalipa 500, na mwezi ambao nimepata 8,000 kwa kukarabati viti vya watu nalipa 500 hiyo hiyo. Mwezi wa pili ndio uliokuwa ukiuma. Sijui mnaiita aina gani, lakini mwenye kujua na aniambie.

Mwl_Pwani
Nashukuru kwa michango yenu. Jedwali lenyewe ni hili:

| Kipato kwa mwezi | Kodi kwa mwezi |
|---|---|
| 10,000 | 400 |
| 20,000 | 750 |
| 50,000 | 1,200 |
| 100,000 | 1,700 |

Hata hivyo sioni linabadilisha nini. Mwenye 100,000 analipa zaidi ya mara nne ya anacholipa mwenye 10,000. Kama huko si kupanda, ni nini? Vitabu vinasema kodi ya kupanda humtoza zaidi mwenye kipato kikubwa, na hapa anatozwa zaidi.

HesabuKwanza
Mwalimu, umesema mwenyewe kwamba kodi imekua zaidi ya mara nne. Sasa tazama kipato: kimekua mara kumi. Kodi imeachwa nyuma na kipato, na jibu limo humo humo. Ongeza safu ya tatu, ugawanye kodi kwa kipato katika kila mstari. Wa 10,000 anatoa asilimia 4 ya kipato chake. Wa 20,000 anatoa asilimia 3.75. Wa 50,000 anatoa asilimia 2.4, na wa 100,000 anatoa asilimia 1.7. Fungu linalotoka kwenye kipato linapungua kila unaposhuka mstari mmoja, kwa hiyo kodi hii ni ya kushuka, ijapokuwa shilingi zenyewe zinaongezeka.

Karibu kila kodi huongezeka kwa shilingi kipato kinapokua. Hata ya uwiano hufanya hivyo. Tukifuata kipimo chako, zote zingekuwa za kupanda isipokuwa zile za kiasi kimoja kwa wote. Ndugu Fundi, yako ilikuwa ya kushuka waziwazi kuliko hii: 500 kwenye 8,000 ni asilimia 6.25, na 500 kwenye 40,000 ni asilimia 1.25.

MtuWaMoro
Nawasalimu kutoka Morogoro. Huku kwetu makato ya mshahara ni ya kupanda kweli kweli, na mimi ndiye shahidi. Baada ya kutoa mchango wa hifadhi ya jamii nabaki na shilingi 1,200,000, na kwa kuwa nimevuka milioni moja niko kwenye asilimia 30. Maana yake serikali inachukua 360,000. Niliwahi kufikiria kukataa nyongeza ya mshahara ili nisivuke milioni.

HesabuKwanza
Ndugu wa Moro, usikatae nyongeza. Hiyo asilimia 30 inagusa tu kile kilichozidi milioni moja, yaani 200,000 zako za juu, nayo ni 60,000. Kwa ile milioni ya chini jedwali la Tanzania linatoza 128,000, kwa sababu 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu na ngazi zinazofuata zinaanza na asilimia 8. Jumla ni 188,000, ambayo ni kama asilimia 15.7 ya 1,200,000. Mwenzako wa 500,000 anatozwa asilimia 8 ya zile 230,000 zilizozidi, yaani 18,400, na hiyo haifiki asilimia 4 ya kipato chake. Hapo fungu linakua pamoja na kipato, na ndiyo maana tunaiita ya kupanda.

MtuWaMoro
Basi nitaitazama upya karatasi yangu ya mshahara, kwa sababu mhasibu wetu alinieleza vinginevyo. Asante.

Karani_Mstaafu
Ninakubaliana na HesabuKwanza, ila kuna njia fupi ambayo sisi wa zamani tuliitumia. Usigawanye chochote, tazama tu kama sheria imetaja kiwango kimoja au viwango vingi. Kikiwa kimoja, ni kodi ya uwiano, basi. Mfano ni SHIF iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024: asilimia 2.75 ya mshahara kwa kila mtu, wa juu na wa chini.

HesabuKwanza
Mzee wangu, njia hiyo inafaa mara nyingi, ila mfano uliouchagua unaivunja. SHIF ina kiwango cha chini cha shilingi 300. Asilimia 2.75 inafikia 300 kwenye mshahara wa takriban 10,909, kwa hiyo kuanzia hapo kwenda juu ni ya uwiano kama ulivyosema. Chini ya hapo kila mtu anatoa 300: anayepata 6,000 ametoa asilimia 5, na anayepata 10,000 ametoa asilimia 3. Sehemu ya chini ni ya kushuka, sehemu ya juu ni ya uwiano, na jedwali linaloanzia 20,000 haliwezi kukuonyesha hilo.

Karani_Mstaafu
Hilo la kiwango cha chini nalikubali. Hata hivyo naona ni vibaya kuiita kodi, maana ni mchango wa matibabu na mlipaji anapata huduma. Kwa mtihani wa shule ningetumia kodi ya kweli.

Shaka_Bado
Samahani wakubwa, kuna kitu hakinikai vizuri. Nambari za mwalimu ni viwango vya zamani vya NHIF kwa walioajiriwa, vile vilivyoanza mwaka 2015, hata ile 1,700 ambayo ilikuwa kikomo kwa kila aliyefikia 100,000 na kuendelea. Mwalimu wa Biashara aliyekatwa fedha hizo kila mwezi hajui zimetoka wapi? Ama huyu ni mwanafunzi anayetafuta majibu ya kazi ya likizo, ama hadithi imetungwa ili tuzozane kuhusu bima ya afya. Mwalimu, tuambie ukweli.

Mwl_Pwani
Inaniuma kuitwa mwongo. Nilijua nambari zimetoka wapi, na nilizichagua kwa makusudi ili wanafunzi wapate kitu halisi badala ya kodi ya kubuni. Sikutaja NHIF kwa sababu sikutaka mjadala uhamie kwenye siasa, kama unavyoanza kuhamia sasa.

Mkitaka ushahidi, mmoja wa wanafunzi hao alichora safu ya tatu kwa penseli pembeni mwa karatasi ya maswali, akaandika humo 4, 3.75, 2.4 na 1.7, kisha akaongeza mstari wa tano wa 200,000 na kodi ile ile ya 1,700, akaandika 0.85. Nilimpa sifuri kwa sababu jibu halikulingana na mwongozo. Matokeo yameshawasilishwa kwa mkuu wa somo na mkutano wa wazazi ni wiki ijayo. Sioni vipi nitayafungua tena kwa swali la alama mbili. Ninachofikiria ni kukubali majibu yote mawili, kupanda na kushuka, ili kila upande uridhike.

Bi_Rehema
Hapo sasa umenigeuza mawazo, mwalimu. Mtoto aliyepiga hesabu yote hiyo kwa penseli anastahili alama zake.

Shaka_Bado
Nakubali maelezo, na naondoa neno la kutunga. Ila kwa kuwa ulichagua mistari mwenyewe, tazama nilichokipata kwenye jedwali lile lile la zamani. Aliyepata 7,500 alikatwa 300, wa 10,000 alikatwa 400, wa 12,500 alikatwa 500, na wa 15,000 alikatwa 600. Kote ni asilimia 4 kamili. Ungeweka mistari hiyo minne, darasa zima lingesema ni kodi ya uwiano na lingekuwa sahihi. Je, aina ya kodi inategemea mwalimu amechagua mistari ipi?

HesabuKwanza
Hoja nzito hiyo. Viwango vile vilikuwa vya ngazi: kila kundi la mishahara lilikuwa na kiasi chake, kwa hiyo ndani ya ngazi fungu linashuka, na ukivuka kwenda ngazi inayofuata linaruka juu kidogo. Wa 7,999 alitoa karibu asilimia 3.75, na wa 8,000 akatoa asilimia 5. Mistari michache ya huku chini inaweza kukuonyesha karibu sura yoyote unayoitaka. Ukienda hadi juu, ambako 1,700 imesimama na mishahara inaendelea kukua, mwelekeo unabaki mmoja tu. Kwa sababu hiyo swali zuri huandika "kwa vipato vilivyoonyeshwa", na mwanafunzi hujibu kwa mistari aliyopewa.

Mistari uliyowapa wewe, mwalimu, haina utata. Fungu linashuka kila hatua, wala hakuna namna ya kuisoma ikawa kodi ya kupanda. Kukubali majibu yote mawili kutamfundisha aliyetazama shilingi pekee kwamba ametosheka.

Karani_Mstaafu
Ni rahisi kusema hivyo ukiwa nje ya shule. Matokeo yakishafika kwa mkuu wa somo, kuyarudisha kuna taratibu zake, na mwalimu ndiye atakayesimama mbele ya wazazi. Mimi ningewapa alama walioonyesha hesabu na kuwaacha wengine na walichonacho.

Mwl_Pwani
Nimewasikia. Kesho nitazitoa tena karatasi zote ambazo zina safu ya tatu au hesabu yoyote ya asilimia, nami nitamweleza mkuu wa somo kabla ya mkutano. Kuhusu walioandika "kupanda" na kupewa alama mbili kwa mwongozo niliouandika mimi, bado sioni haki ya kuwanyang'anya. Kama kuna mwalimu humu aliyewahi kurekebisha mwongozo baada ya matokeo kutoka, naomba anieleze alifanyaje na hao.