Tupeane uzoefu: barua ya kwanza kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ikisema riba ya benki hailingani na mapato uliyotangaza

Mtoto wa Kampemba (Lubumbashi)
Ndugu zangu, niliishi Marekani miaka kumi na mmoja kabla ya kurudi Lubumbashi, na bado nina kadi ya ukaazi wa kudumu, kwa hiyo kila mwaka ninaendelea kupeleka tangazo la kodi huko. Mpwa wangu, ambaye anwani yake ndiyo ninayoitumia, amenipigia picha ya barua iitwayo CP2000 kuhusu mwaka 2023. Nilitangaza riba ya dola 310, lakini barua inasema benki tatu ziliripoti jumla ya dola 1,940, nayo inapendekeza nilipe takriban dola 196 pamoja na riba ya kuchelewa. Usiku ule nilitaka kulipa zote ili nilale. Waliopitia jambo hili, mlijibu nini?

Mama Neema (Katuba)
Mimi nilipopata barua ya namna hiyo nilikaa kimya, kwa sababu niliamini benki ilikwisha kukata kodi kabla ya kunipa riba. Baadaye ilikuja barua nyingine kali zaidi. Bado naona kwamba kama kodi ilikatwa, hakuna la kujibu.

Mhasibu wa Kamalondo
Mama, kodi iliyokatwa kweli huhesabiwa, lakini benki ya Marekani kwa kawaida hairipoti ila riba, bila kukata chochote. Tazama karatasi ya 1099-INT, ambayo benki hutoa kuonyesha riba iliyokulipa, sanduku la 4: likiwa tupu, hakuna kilichokatwa.

Na wewe, Mtoto wa Kampemba, usilipe kwa hofu. CP2000 ni pendekezo linalotokana na kulinganisha tangazo lako na karatasi za benki. Si hati ya kudai deni, wala hakuna mtu aliyechunguza akaunti zako. Andika majina ya benki tatu kama yalivyo kwenye barua, kisha mbele ya kila moja uandike pesa ilikuwa ya nani. Karatasi ambazo huna utazipata kwenye akaunti yako ya mtandaoni ya IRS, katika orodha ya mapato yaliyoripotiwa kwa namba yako.

Mtoto wa Kampemba
Nimefanya hivyo. Benki ya kwanza ni zile 310 nilizotangaza. Ya pili, dola 880, ni amana ya muda maalumu ambayo kwa kweli niliisahau. Niliivunja kabla ya wakati na benki ikanitoza dola 60. Ya tatu, dola 750, ni akaunti niliyofungua pamoja na mdogo wangu wa kike, anayefanya kazi huko. Pesa zote ni zake, ila jina langu lilitangulia.

Mhasibu wa Kamalondo
Basi jibu lako ni kukubali sehemu na kukataa sehemu. Zile 880 ni zako, zikubali bila kuzunguka. Lakini dola 60 zimo katika sanduku la 2 la karatasi ileile, na sheria inaruhusu kuzitoa, kwa hiyo zinabaki 820. Kwa kiwango chako cha asilimia 12 kodi inayoongezeka ni dola 98.40, nusu ya walichopendekeza. Kuhusu 750, eleza kwa maandishi kwamba ulipokea karatasi kwa niaba ya mwenzako, uambatanishe taarifa za benki zinazoonyesha mshahara wake ukiingia, na umwandalie 1099-INT kwa jina lake. Naye aangalie kama alizitangaza, maana kuzitoa kwako bila yeye kuzibeba si haki.

Yaya Bea (Bukavu)
Naomba kuuliza langu. Akaunti yangu na mume wangu tuliichangia wote, wala hatukuandika nani aliweka kiasi gani. Tunagawaje?

Mwalimu wa Ruashi
Mimi nilikosea kwingine: nilipeleka 1040-X, yaani tangazo la kodi la marekebisho, peke yake, bila fomu ya jibu inayokuja na barua, nikangoja. Jibu langu halikuunganishwa na barua yao kwa miezi mingi. Tia fomu ya jibu juu, uandike sababu kwa ufupi, na uvipeleke kwa njia ya mtandao inayotajwa kwenye barua. Kutoka Lubumbashi posta haiaminiki. Hifadhi uthibitisho wa kupokelewa.

Mhasibu wa Kamalondo
Na siku zinahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa juu ya barua, si tangu picha ya mpwa ilipofika. Kwa kawaida ni 30, au 60 kwa aliye nje ya Marekani. Zikikaribia kuisha, piga simu uombe kuongezewa kabla hazijapita. Ukikaa kimya, hufuata hati ya upungufu, ambayo inakupa siku 90 za kwenda mahakama ya kodi, 150 ikiwa imeelekezwa kwa mtu aliye nje. Hapo ndipo Mama Neema alipofika, naona.

Yaya Bea, kama mnatangaza pamoja na mume wako, kugawa hakubadilishi kitu. Kama kila mmoja anatangaza peke yake, sina jibu la haraka bila kuona taarifa za akaunti.

Mama Neema (Katuba)
Ndiyo, ni hati hiyo. Imebaki siku 41, na sanduku langu la 4 ni tupu. Leo jioni naanza kutafuta karatasi za benki.