Kazi tisa kwenye Featured, na hakuna anayebofya

Mchoraji_Umoja: Wadau, nachora sura za apu hapa Nairobi. Kwenye Featured ya LinkedIn nina mabango sita, makala mawili na maelezo ya mradi mmoja mkubwa. Watu wanapita, hakuna anayeuliza kitu. Nipange vipi?

MamaWawili: Mwanangu, mpwa wangu alipata kazi kanisani, bila LinkedIn. Salimia watu.

Fundi_Kurasa: Mabango toa. Kwenye simu mgeni huona kadi ya kwanza na kipande cha kadi ya pili. Ya tisa hafiki. Mradi mkubwa uwe mbele, na kichwa kiseme shida uliyotatua. Umeandika nini?

Mchoraji_Umoja: "Mradi wangu bora 2". Unaenda kwenye folda ya Google Drive. Inafunguka vizuri.

Fundi_Kurasa: Kwako, kwa sababu umeingia na akaunti yako. Jaribu kwenye dirisha la faragha.

Mchoraji_Umoja: Aisee. Inadai niingie kwanza na akaunti.

Kaka_Pixel: Weka PDF moja kwa moja, mambo kwisha.

Fundi_Kurasa: PDF itafunguka, kweli. Lakini kilichomo ni nini? Kwa nini folda ilifungwa?

Mchoraji_Umoja: Sawa, niseme. Ni apu ya chama cha akiba na mikopo, nilipoajiriwa zamani. Nilisaini mkataba wa usiri. Picha zina majina ya wanachama na salio zao. Ila nembo nimefuta! Na tayari nimetuma wasifu kwa ofisi moja Westlands, usaili Alhamisi. Siwezi kuuondoa mradi sasa.

Mkaguzi_Mkuu: Akaunti ya siku mbili, mkataba wa siri, Alhamisi... Nilisoma hadithi hii mwaka jana, ila ilikuwa benki. Mnacheza na mtunzi.

Mchoraji_Umoja: Mkuu, ningetunga ningejipa mshahara. Akaunti ni mpya kwa sababu bosi wa zamani yuko humu.

MamaWawili: Haya basi, mtu amejificha nyumba ya jirani!

Fundi_Kurasa: Hata kama ametunga, wengine wanafanya hivyo. Nembo si tatizo. Salio la Mama fulani ndilo tatizo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda hata bila mkataba wako. Toa folda leo. Chora upya skrini tatu kwa majina ya kubuni. Kisha simulia, kwa mfano: fomu ya mkopo ilidai wadhamini mwishoni, watu wakaishia njiani, ukahamishia wadhamini mwanzoni. Andika pia ulichofanya wewe na walichofanya wenzako. Mkataba huenda unazuia hata hayo, kwa hiyo muombe bosi ruhusa kwa maandishi.

Mchoraji_Umoja: Bosi sitamwandikia kabla ya Alhamisi.

Kaka_Pixel: Basi weka makala yako moja mbele kwanza.

Mchoraji_Umoja: Yana "like" nne, moja ya mama yangu.

Fundi_Kurasa: Yanahusu nini?

Mchoraji_Umoja: Fomu za mikopo.