Boya kwenye picha ya furukombe: nifute, nikate au nitie giza?

Kamanga_Shoti: Wakuu, nina picha ya furukombe anainua sato karibu na Kisiwa cha Saanane. Kushoto kuna boya la wavu, angani vitone vyeusi, na kijiti kimepita mbele ya bawa. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa. Nifanyeje?

Nyakato_Lenzi: Shindano lipi? Una RAW? Boya liko wapi hasa? Bila hayo tunapiga ramli.

Harusi_Igoma: Futa tu mkuu. Sisi nyaya za umeme nyuma ya bibi harusi tunafuta kila wiki.

Nyakato_Lenzi: Bibi harusi haombi RAW, majaji wanaomba.

Kamanga_Shoti: Kipengele cha asili, kanuni za FIAP. RAW ipo, 6000 kwa 4000. Boya linaishia pikseli ya 500 kutoka kushoto, ncha ya bawa inaanzia 900.

Nyakato_Lenzi: Basi kata. Kanuni hizo zinaruhusu kukata na kunyoosha, ila kuondoa, kuongeza au kuhamisha kitu ndani ya picha ni marufuku. Kata ibaki 5400 kwa 3600: uwiano ni uleule, boya limetoka, na bawa lina pikseli 300 za kupumulia. Kuliacha nako ni hatari, maana kitu cha binadamu kinakubalika kikiwa sehemu ya habari ya mnyama, na hilo boya halina habari yoyote. Kijiti kiache. Ukikifuta itabidi ubuni manyoya ambayo kamera haikuyaona.

Dada_Ilemela: Vitone ni vumbi la sensa, hilo ruksa kusafisha.

Mzee_wa_Busisi: Vumbi ruksa, lakini kwa ziwa letu usikimbilie vumbi. Wale wadudu wanaopaa kama moshi nao hutoka vitone. Fungua fremu tatu za mfululizo, ukuze hadi 100%. Vumbi halihami, hata ndege akihama. Tena huonekana wazi kwenye f/16, kwenye f/5.6 hufifia na kuwa doa laini. Kitone kikali kwenye f/5.6 ni mdudu, na mdudu alikuwepo.

Dada_Ilemela: Jamani, mdudu mmoja anamdanganya nani?

Nyakato_Lenzi: Mwaka 2010 World Press Photo walimnyang'anya mtu tuzo. Picha aliikata sana na hilo halikumponza. Kilichomponza ni kipande cha mguu wa mtu wa nyuma, alichokifuta.

Dada_Ilemela: Yale ni ya habari, si ndege.

Mzee_wa_Busisi: Hapo ana hoja, kanuni si zilezile. Ila kijiti kinaweza kutiwa giza kidogo, nusu stopu.

Nyakato_Lenzi: Nusu stopu sawa. Ukishusha mpaka kipotee, hujatia giza, umefuta.

Mzee_wa_Busisi: Kanuni inasema tu ionekane ya asili. Haijataja stopu.

Kamanga_Shoti: Nimefungua fremu. Vitone viwili vimeganda palepale, vingine vyote vinahama.

Dada_Ilemela: Safisha anga lote ulale.

Mzee_wa_Busisi: Viwili tu. Na RAW za fremu zote tatu usizifute.

Harusi_Igoma: Na kama nyaya za umeme ziko kwenye picha ya korongo?